Kikomo cha Chai

Nimepata kumcheka mwanafunzi kwa jambo alilolijua yeye, nami sikulijua. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, halikuzidi kikombe kimoja cha chai. Lakini aibu yake haikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo naliandika hapa, ili deni lililolipwa mbele ya darasa moja lilipwe tena mbele ya wasomaji.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha hesabu kwa kidato cha sita mjini Kigoma, nami nilikaa Katubuka, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja na meza moja. Somo letu lilikuwa vitu vinavyopungua kwa uwiano usiobadilika, na mfano ambao walimu huupenda kwa somo hilo ni kikombe cha chai kinachopoa. Kanuni yake ni nyepesi kutamkwa: kasi ya kupoa kwa chai hufuata tofauti iliyopo kati ya joto la chai na joto la chumba. Tofauti ikiwa kubwa chai hupoa upesi. Tofauti ikipungua hupoa polepole. Tofauti ikiwa nusu ya ilivyokuwa, na kasi nayo huwa nusu. Niliiandika ubaoni hivi:

J = M + (A − M)e^(−kt)

J ni joto la chai wakati wowote, A ni joto lake mwanzoni, M ni joto la mazingira, t ni muda uliopita, na k ni namba inayoeleza wepesi wa kikombe hicho kupoteza joto. Herufi e ni ile namba maarufu ya wanahesabu, 2.718 na zaidi. Muda ukizidi kuwa mrefu, sehemu yenye e hunyauka kuelekea sifuri, na kinachosalia ni M peke yake. Ndiyo maana husemwa kwamba M ndiyo kikomo cha joto la chai.

Mwanafunzi mmoja aliuliza chai itafika lini kwenye M. Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa kanuni haifiki kamwe, hukaribia tu. Darasa lilinung'unika, kwa maana kila mmoja wao amekunywa chai iliyopoa kabisa. Nikawaeleza kuwa neno kikomo halitaji mahali pa kufika, bali linatoa ahadi. Taja tofauti yoyote uipendayo, iwe digrii moja, iwe sehemu ya kumi ya digrii, iwe sehemu ya elfu. Nami nitakutajia saa ambayo baada yake chai haitakuwa mbali na M kwa kiasi hicho tena. Kipimajoto chetu hakioni sehemu ya elfu ya digrii, kwa hiyo kwake chai imefika. Kanuni haimkanushi mnywaji. Inakataa tu kusema kwamba safari imekwisha.

Ndipo aliponyosha mkono kijana wa nyuma, mtu wa maneno machache, akasema, "Samahani, mwalimu. Mimi naona chai haikomei hapo. Inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

"Inapita chini, mwalimu. Inakuwa baridi kuliko chumba."

Nilimwambia kwamba hakuna kitu kinachopoa kwa sababu ya chumba kisha kikakishinda chumba chenyewe kwa ubaridi. Na nikaongeza, kwa kutafuta kicheko, kwamba huenda chai ya kwao ina mambo yake. Kicheko nilichokitafuta nilikipata. Kijana akaketi, na kwa majuma kadhaa baada ya hapo mkono wake haukuonekana juu.

Sikuwa mwalimu wa kwanza katika nchi hii kutenda kosa la namna hiyo. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, upande wa Lushoto, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari. Alihofia kukosa nafasi katika jokofu, akayatia maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyotiwa hali ni baridi. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezekani, na baadaye wenzake walimcheka. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Osborne hakucheka, ingawa hakuamini. Alirudi Dar es Salaam na jambo likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja, na leo ulimwengu mzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kwa kanuni niliyoiandika ubaoni jambo la Mpemba haliwezekani. Ukiwa na vikombe viwili vilivyo sawa katika kila kitu isipokuwa joto la mwanzo, tofauti kati yao hupungua kwa uwiano ule ule, wala haigeuki; kilichoanza na joto zaidi kitabaki na joto zaidi daima, hata kama ni kwa unywele. Kwa hiyo atakayeliona jambo la Mpemba kwa macho yake lazima aseme kwamba kuna kitu kingine kinachotenda kazi, ambacho kanuni haikukitaja. Wako wanaolikana jambo hilo: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu, wakaeleza kuwa hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha. Mjadala haujafungwa. Lakini mimi nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi hadithi hiyo kila mwaka, nikimsifu Mpemba na kumlaumu mwalimu wake. Kisha siku kijana wangu aliponiletea swali la jamii moja na lile, nilikaa katika kiti cha mwalimu yule bila kujitambua.

Nilijitambua Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Nilikuwa nikisahihisha madaftari, nikaisahau chai yangu tangu asubuhi, na mchana nilipoonja niliiona baridi kuliko nilivyotazamia. Ulimi, hata hivyo, si shahidi wa kutegemewa. Kitu cha majimaji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa ifanyavyo, kwa hiyo chai na hewa zikiwa na joto moja, chai huonekana baridi zaidi. Nikaazima kipimajoto cha maabara, chenye alama za digrii moja moja, ambacho jicho lililozoea laweza kukisoma hadi nusu digrii. Na Jumamosi iliyofuata nikafunga mlango na dirisha, nikaanza kazi.

Katubuka iko katika uwanda wa Ziwa Tanganyika, na uso wa ziwa lenyewe uko takriban mita 770 juu ya bahari. Kwa sababu ya kimo hicho maji hapa huchemka kwenye digrii 97 na ushei, wala si 100. Chai ikishapita katika chujio na kumiminwa katika kikombe cha udongo mweupe, hupoteza nyingi nyingine. Nilipotia kipimajoto kwa mara ya kwanza kilisoma 85. Chumba kilikuwa 27, na kwa muda wote wa saa nne, tangu saa saba mchana hata saa kumi na moja, hakikucheza zaidi ya nusu digrii.

Nilisoma kila baada ya dakika 20. Baada ya 85 zikaja 55, 42.5, 36, 32, 29.5, 28, 27, 26.5, na baada ya saa tatu kamili, 26. Saa nne zilipotimia kipimajoto kilisimama kwenye 25.5. Chai ilikuwa imepita joto la chumba, ikashuka digrii moja na nusu chini yake, kama kijana alivyosema.

Sikukubali mara moja, maana aliyekosea hupenda kwanza kulaumu chombo chake. Nilifikiri labda kipimajoto cha ukutani hakipatani na kile cha maabara. Nikakitoa kile cha maabara katika chai nikakining'iniza hewani, nacho kikasoma 24, chini hata ya chai yenyewe! Kwa muda nilifurahi, nikidhani nimekiona kosa. Kumbe nilikuwa sijakifuta. Tone la chai lililobaki kwenye ncha yake lilikuwa likikauka, na likikauka linakipoza kipimajoto. Nilipokifuta kwa kitambaa kikavu na kusubiri kidogo, kikapanda hadi 27 na kutulia hapo. Mtu anayetaka kupima hewa kwa kipimajoto kilichotoka majini asilisahau hilo.

Lakini katika tone lile nilikuwa nimeoneshwa jibu zima. Chai iliyo wazi haipoi kwa njia moja. Sehemu ya joto lake hupita katika ukuta wa kikombe kuingia hewani na mezani, na sehemu hiyo huitii kanuni ya ubaoni vizuri. Sehemu nyingine huondoka pamoja na mvuke. Kila chembe ya maji inayoruka kutoka usoni pa chai huchukua joto la safari yake kutoka kwa chembe zinazobaki, na safari hiyo haiulizi kama chai ni moto kuliko chumba. Inauliza kama hewa ya chumba ina nafasi ya kupokea unyevu zaidi. Mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi cha Kigoma, nafasi hiyo ipo. Kwa hiyo chai inapofikia joto la chumba mvuke hausimami, na chai huendelea kupoa. Ikishuka chini ya chumba, joto huanza kurudi ndani yake kutoka hewani na mezani. Na mahali ambapo joto linaloingia limekuwa sawa na joto linalotolewa na mvuke, hapo ndipo chai hutulia. Hapo ndipo kikomo chake cha kweli.

Nilitaka kuliona hilo kwa njia isiyoacha mlango wa kutokea. Kanuni yenyewe ilinisaidia, kwa maana katika kikomo herufi A haipo: chai hufika mahali pamoja hata kama ilianza wapi, kwa hiyo si lazima kuanza na chai ya moto na kungoja saa nne. Siku ya pili nilichukua chai iliyokwisha kupoa hadi digrii 28, nikaigawa katika vikombe viwili vya namna moja, nikavitenga kidogo mezani. Kimoja nilikifunika kwa kisahani, cha pili nikakiacha wazi. Baada ya saa tatu kile kilichofunikwa kilisoma 27, sawasawa na chumba. Kile kilicho wazi kilisoma 25.5. Chai ile ile, meza ile ile, hewa ile ile. Kilichotofautiana ni kisahani tu. Chini ya kisahani hewa hushiba unyevu, mvuke hukosa pa kwenda, na kanuni ya ubaoni hupata haki yake yote.

Yamkini msomaji atauliza kama kikomo kingeweza kujulikana bila kungoja saa nne, kwa kukisoma katika namba zenyewe. Inawezekana, nami nitaonesha jinsi gani, kwa kuwa hapo pana mtego. Ikiwa tofauti hupungua kwa uwiano usiobadilika, basi upungufu wa kila kipindi ni sehemu ile ile ya upungufu wa kipindi kilichotangulia. Chukua masomo matatu ya mwanzo: 85, 55, 42.5. Chai ilishuka digrii 30, kisha 12.5, yaani sehemu tano za kumi na mbili za kwanza. Kama uwiano huo ungedumu, miteremko yote iliyosalia, tukiijumlisha mpaka mwisho usio na mwisho, ingekuwa digrii 9 hivi, na chai ingetulia kwenye 33 na nusu. Jibu hilo haliwezi kuwa kweli: chai haiwezi kukomea juu ya chumba kwa digrii sita na zaidi bila kuwa na moto chini yake.

Kosa haliko katika kujumlisha, liko katika kuamini kwamba uwiano ulidumu. Itazame miteremko ya kila dakika 20: 30, 12.5, 6.5, 4, 2.5, 1.5, 1. Wa pili ni kama sehemu nne za kumi za wa kwanza. Wa tatu ni zaidi kidogo ya nusu ya wa pili. Na kuanzia hapo kila mmoja ni kama sehemu sita za kumi za uliotangulia. Mwanzoni chai hutoa mvuke mwingi kupita kiasi ambacho uwiano ungeuruhusu, kwa hiyo huporomoka. Baadaye hutulia, na ndipo inapofuata kanuni. Jambo hili si geni. Newton, ambaye jina lake hupewa kanuni hii, aliitoa mwaka 1701 akipima chuma cha moto kilichopozwa katika upepo. Na mwaka 1817 Wafaransa Dulong na Petit walionesha kwamba tofauti ya joto ikiwa kubwa kanuni hiyo haitoshi. Nao hawakuwa wakipima kikombe cha chai, ambacho mvuke wake huzidisha tatizo.

Chukua sasa masomo ya baadaye, kwa hatua za dakika 40: 32, 28, 26.5. Miteremko ni 4 na 1.5, uwiano wake ni sehemu tatu za nane, na yote iliyosalia haifiki digrii moja kamili. Inatoka sehemu tisa za kumi. Kikomo kinakuwa 25.6, karibu kabisa na pale chai ilipotulia. Hata hivyo nisijisifu. Kama jicho langu lingeteleza nusu digrii tu katika somo la kati, likasoma 28.5 badala ya 28, hesabu ile ile ingenipa 23.8, na lingesoma 27.5, ningepata 26.2. Kosa la nusu digrii mkononi huwa kosa la karibu digrii mbili katika kikomo. Masomo ya mapema hupotosha kwa sababu kanuni haijaanza kutawala, na masomo ya mwisho huyumbisha kwa sababu miteremko imekuwa midogo kama kosa la jicho. Atafutaye kikomo kwa hesabu hana budi kuwa na kipimajoto chenye alama ndogo zaidi ya changu, au awe na subira ya kungoja chai yenyewe iseme.

Basi kanuni haikuvunjika. Umbo lake lilibaki: chai hukaribia, haifiki, na kila dakika 40 za mwisho tofauti yake na kikomo hupungua nusu na zaidi kidogo. Kosa lilikuwa kwangu, niliyeandika M ubaoni na kuiita joto la chumba bila kuiuliza chai. Joto la chumba lilikuwa ukutani, kikomo kilikuwa katika kikombe, nami nilivihesabu kuwa kitu kimoja kwa sababu vitabu vyangu vilikuwa vimefunika vikombe vyao.

Jumatatu niliingia darasani na vikombe viwili, kisahani na kipimajoto, nikaviweka mezani tangu kipindi cha kwanza, na kipindi cha mwisho nikamwita kijana aje asome mbele ya wenzake. Akakifuta kipimajoto bila kuambiwa. Nikasema mbele ya wote kwamba yeye alikuwa na haki, nami nilimcheka kwa ujinga wangu. Nikamuuliza alijuaje.

"Kwa mtungi, mwalimu," akasema. "Bibi yangu anakaa Ujiji. Maji ya mtungi wake ni baridi kuliko nyumba, na mtungi unatoka jasho. Nikafikiri chai nayo ina jasho lake, ila hatulioni."

Mtungi huo nimeuona maisha yangu yote. Nimekunywa maji yake kwa kata tangu utotoni, na ubaridi wake nimeusifu kwa kinywa kile kile kilichosema kwamba hakuna kitu kinachoweza kukishinda chumba kwa ubaridi. Nilikuwa nimeyaweka maji ya bibi katika chumba kimoja cha akili na hesabu za ubaoni katika chumba kingine, na mlango kati yao nikaufunga.

Kijana hakuketi. Aliuliza kama masika chai ingepita kiasi kile kile, hewa ikiwa imekwisha kushiba mvua. Nilimjibu kwamba nadhani isingepita sana, lakini kwamba safari hii sitasema kabla ya kupima. Tulingoja mpaka mwezi wa Machi. Siku moja ya mvua, paa likipiga kelele hata hatukusikizana, tuliweka vikombe viwili mezani, kimoja na kisahani na kimoja bila, tukavirudia baada ya saa tatu. Kati yao tulipata nusu digrii, nayo ni kiasi ambacho jicho langu laweza kukosea. Aliandika namba hiyo katika daftari lake, na mbele yake, kwa hati ndogo, akaandika kwamba haitoshi kusema.